Kengele ya YouTube: uchague All au Personalized?

Ukibonyeza Subscribe, YouTube yenyewe hukuweka kwenye Personalized, yaani arifa za baadhi tu ya video. Hapo mfumo unapima historia yako: unaitazama chaneli hiyo mara ngapi, video zipi huwa unazifungua. Usipoigusa kwa muda, arifa hupungua, na mwenye chaneli hulaumiwa bure.

All inategemeka zaidi, maana unaomba arifa ya kila video. Lakini haipiti kizuizi cha simu. Chukua mfano wa chaneli yenye wafuasi 10,000: tuseme 2,000 wamechagua All, na nusu yao wamezima arifa za YouTube kwenye mipangilio ya simu. Kati ya hao 2,000, wanaoweza kuona arifa ikitokea kwenye skrini ni 1,000 tu. Mwenye chaneli anaweza kuliona pengo hili kwenye takwimu zake za YouTube Studio. Tena kuna kikomo: chaneli ikipakia video nyingi, hupati arifa zaidi ya 3 ndani ya saa 24. Na video iliyowekwa kuwa ya watoto haitumi arifa kabisa, hata uwe na All.

Kwa utulivu, Personalized inashinda bila ubishi. All kwenye chaneli thelathini ni kero, na mwisho wake utazima zote. Kama unafuata mbili tatu za kazi au masomo, weka All na uhakikishe simu imeruhusu arifa. Ukifuata nyingi, acha Personalized, kisha ufungue ukurasa wa Subscriptions mwenyewe.