Uzoefu wangu: maganda ya isabgoli kwa kolesteroli

Nilianza kutumia isabgoli, yaani maganda ya mbegu za mmea wa psyllium, baada ya LDL, ile kolesteroli mbaya, kugoma kwenye 4.2 mmol/L hata baada ya kupunguza vyakula vya kukaanga. Daktari aliona bado hakuna haja ya vidonge, akaniambia nijaribu haya maganda kisha tupime tena. Pakiti nilipata Ngara, kwenye duka la viungo.

Ni maganda mepesi, hayana ladha ya maana. Ukitaka kuyajaribu, koroga kijiko kwenye glasi ya maji, uyaache dakika chache: yanavimba na kuwa ute unaovutika kama mlenda. Ute huo ndio unaofanya kazi yote, kwa hiyo pakiti ambayo maganda yake yanabaki yakielea bila kuvimba, mimi ningeirudisha dukani.

Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli. Tukila, nyongo humwagika kwenye utumbo mwembamba kusaidia kusaga mafuta, halafu karibu asilimia 95 ya asidi hizo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo huo na kurudi kwenye ini. Ute wa isabgoli hunasa sehemu yake kabla hazijafyonzwa, zikatoka na choo. Basi ini linabaki na upungufu, na ili litengeneze nyingine linavuta LDL zaidi kutoka kwenye damu.

Ndiyo maana ninakunywa pamoja na chakula cha mchana na cha jioni, wakati nyongo inamwagika. Ukinywa tumbo likiwa tupu, ute unapita na kukuta nyongo kidogo tu. Kipimo changu ni gramu 5 kila mara, yaani gramu 10 kwa siku. Nilianza na nusu yake, kwa sababu kuruka moja kwa moja hadi kipimo kizima hujaza tumbo gesi.

Baada ya miezi mitatu hivi LDL ilisoma 3.9, pungufu ya asilimia 7. Wengi hupata kati ya 5 na 10. Haishuki zaidi kwa sababu ini, likiona kolesteroli inapungua, nalo huongeza kutengeneza yake. Mimi nimeridhika, lakini aliyewahi kupata mshtuko wa moyo asiache dawa zake za statini kwa ajili ya hii. Anaweza kutumia vyote viwili, daktari wake akikubali.

Kasoro ya pakiti yangu ni maelezo ya maji, yameandikwa kwa herufi ndogo mno. Kila kipimo kinataka glasi nzima, na unywe mara moja kabla hayajaganda, maana maganda makavu yanaweza kuvimba kooni na kukukaba. Mwenye shida ya kumeza asiyaguse kabisa. Dawa nyingine, hasa za tezi ya shingo, zitenganishe nayo kwa saa kadhaa, kwa sababu ute hauchagui cha kunasa.