Picha ina kivuli pembeni? Uchambuzi wa antena ya vijiti hapa Dodoma

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo mezani kuna antena ya nje ya vijiti, hii ndefu yenye wavu nyuma, ile unaiona juu ya mabati mitaa karibu yote ya Dodoma. Wengi mmeniuliza kama inatibu ile picha yenye kivuli pembeni, yaani mtu ana sura mbili, maandishi yana mwenzake wa kufifia. Jibu ni ndiyo, inatibu, ila inategemea kivuli kinatoka upande gani, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kwanza tuwekane sawa. Kivuli cha kuonekana kwa macho ni mambo ya analogia, na Dodoma analogia ilizimwa 31 Januari 2013. Lakini ninayo klipu ya enzi hizo, kwa shangazi yangu kule Mlimwa, na naitumia kwa sababu kwenye analogia unaona kabisa kinachotokea hewani, wakati king'amuzi kinakuficha. Tatizo lenyewe, yaani signo kugonga mlima na kukufikia mara ya pili ikiwa imechelewa, bado lipo, milima haijahama.

Haya tazama klipu. TV ya kichogo, inchi 21, antena ya ndani ya vijiti viwili. Mtangazaji amekaa, na kulia kwake yupo mtangazaji mwingine hafifu, sentimita 2 hivi pembeni. Sasa cheki ukingo wa meza ulivyolala, huo hauna kivuli, ila nguzo iliyosimama nyuma yake inacho. Sababu ni kwamba TV inachora picha mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo signo ikifika mara mbili, ile ya kwanza inachora nguzo, ile iliyochelewa inaichora tena mbele kidogo, upande wa kulia. Mstari wa kulala hata ukiurudia unajilalia mwenyewe, huuoni. Ndo maana ukitaka kupima kivuli angalia maandishi na nguzo, usiangalie sura ya mtu.

Na hizo sentimita 2 zina habari nzuri sana ndani yake. Sehemu ya picha ya kila mstari inachorwa kwa maikrosekunde 52, na kioo cha hiyo TV kina upana wa kama sentimita 40, kwa hiyo kila sentimita ni maikrosekunde 1.3. Signo inakwenda mita 300 kwa maikrosekunde moja. Piga hesabu, kila sentimita ya kivuli ni kama mita 390 za safari ya ziada, sentimita 2 ni mita 780. Mnara uko mbele ya nyumba, mlima wa mawe uko nyuma, signo inaipita nyumba inaenda kugonga jiwe halafu inarudi, yaani kwenda na kurudi, kwa hiyo gawa kwa mbili, kitu kinachorudisha signo kiko kama mita 390 nyuma ya nyumba. Toka nje uangalie, ni mlima. Ungekuwa pembeni hesabu ingebadilika, ungekuwa mbali zaidi ya hapo, lakini kwa nyuma inakaa vizuri.

Sasa ile antena ya ndani ya vijiti viwili, udhaifu wake ni kwamba inasikia mbele na nyuma sawasawa. Ya mnara inaingia, ya mlima inaingia, hata uihangaishe vipi juu ya kabati. Na kuna mafundi wanauza busta kwa tatizo hili, tafadhali wadau msinunue, busta inakuza zote mbili kwa pamoja, kivuli kinabaki vilevile kilivyo.

Hapa ndo antena ya leo inapopata maksi zake. Vijiti vya mbele vinaivuta signo ya upande mmoja, wavu wa nyuma unaikataa inayotoka mgongoni. Kwa shangazi tulifunga ya aina hii, tukaielekeza mnara, kivuli kikafifia sana, hakikuisha lakini. Kilichomaliza kazi ni kuizungusha. Watu wengi wanatafuta sehemu yenye signo kubwa kuliko zote wanakaza bolti, kwa kivuli hiyo siyo njia. Antena ina pande ambazo inakuwa kama kiziwi kabisa, na unachotaka ni mlima uangukie kwenye upande huo, hata kama mnara hauko katikati sawasawa. Mmoja juu ya bati, mwingine kwenye TV na simu, zungusha kidogo kidogo, simama, subiri aliye ndani aangalie maandishi. Tuliigeuza kidogo kutoka kwenye mnara, zikaingia chenga kwa mbali, kivuli kikapotea. Chenga kidogo macho yanazoea, kivuli hayazoei, mimi nachagua chenga kila siku.

Kama kuzungusha hakutoshi, hamisha. Isogeze upande wa paa unaotazama mnara na uishushe kidogo ili mgongo wa paa la bati uukinge mlima. Kwa hiyo juu zaidi siyo bora zaidi kila mara. Hata kusogeza pembeni sentimita 25 kunaweza kubadilisha kitu, kwa sababu kwenye masafa ya megahezi 600 wimbi zima ni sentimita 50 tu, kwa hiyo kabla hujahama ukuta mzima jaribu hatua ndogo.

Kuna kivuli kimoja ambacho hii antena haikisaidii. Kama ukizungusha kote na kivuli hakibadiliki hata chembe, kiko karibu sana, kama maandishi yametiwa ukingo wa pili, basi angalia waya. Waya wa mita 30 uliounganishwa vibaya unarudisha signo wenyewe, na kwenye ile TV hiyo inatoa kivuli cha milimita 2 hivi. Na hapo nina lawama kwa hii niliyonunua, kiboksi cha kuungia waya kimekaa legelege, skrubu hazishiki, kifuniko hakizuii maji. Fungua uangalie kabla ya kupandisha, nyuzi za nje za waya zisiguse ule wa katikati.

Haya, wenye king'amuzi. Huwezi kuona kivuli, king'amuzi kinavumilia signo iliyochelewa maikrosekunde chache, lakini hiyo iliyochelewa inaweza kuifuta ile ya kwanza kwenye baadhi ya masafa, na hapo picha inaganda au inavunjika vipande. Ingia kwenye menyu uangalie mistari miwili, Signal Strength na Signal Quality. Strength ikiwa juu halafu Quality iko chini au inachezacheza, shuku mlima au jengo kabla hujashuku mnara, na zungusha ukifuata Quality, ile ya Strength achana nayo. Halafu kila unapogeuza subiri kidogo, namba zinachelewa kubadilika.

Kwa hiyo, kivuli kikitoka nyuma au pembeni, nunua, ni antena nzuri ukishakaza kile kiboksi. Lakini kama mlima uko ng'ambo ya mnara, yaani mnara na mlima ukiviangalia viko mstari mmoja mbele yako, usipoteze hela, kwa antena hii zote zinaingia mlango mmoja na hakuna namna ya kuigeuza itakayozitenganisha, hapo ujaribu kuhamisha mlingoti mpaka kitu kiukinge mlima, basi.