Kijiti cha pedi kinapojivuta: nilichopata kwenye mipangilio na nilichopata kwenye kipuri

Pedi yangu ya kuchezea michezo ya kompyuta ilianza kwa jambo dogo ambalo nililidhania kuwa ni kosa langu mwenyewe. Katika mchezo wa mpira, beki wangu wa kushoto alikuwa akijisogeza polepole kuelekea mstari wa pembeni hata nilipokuwa nimeondoa kidole kabisa kwenye kijiti. Baada ya wiki moja hata orodha ya timu ilikuwa inahama yenyewe kabla sijachagua, na hapo nikakubali kwamba kijiti cha kushoto kinajivuta. Ilinichukua miezi mitatu kumaliza tatizo hilo, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa kutibu kabla ya kupima.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Katika Windows nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika amri hii:

```
joy.cpl
```

Katika dirisha linalofunguka nilichagua pedi na kubonyeza Properties. Hapo huonekana alama ya msalaba ndani ya mraba, na msalaba huo ndio kijiti kama kompyuta inavyokiona. Kwa kuwa dirisha hilo halitoi namba, nilitumia pia ukurasa wa kupimia pedi kwenye kivinjari, ambao huandika kila mhimili kuanzia -1 hadi 1, na 0 ikiwa ndiyo kitovu. Jambo lililonisaidia zaidi ni kutoridhika na namba moja. Nilisukuma kijiti mpaka mwisho wa kushoto, nikakiachia ghafla na kuandika kilipotulia. Kisha nikafanya hivyo kulia, juu na chini, mara kumi kila upande. Mhimili wa wima ulirudi vizuri kila mara. Mhimili wa mlalo ulitulia kati ya -0.04 na -0.09, na ulipokwisha kutulia haukutikisika.

Nilianza kwa kusawazisha kupitia dirisha lile lile, chini ya Settings na kisha Calibrate. Hapa nilikosea mara ya kwanza, kwa sababu kidole kilikuwa bado kinagusa kijiti programu ilipoomba kiachwe katikati, kwa hiyo kitovu kikahifadhiwa mahali pasipo pake na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nilirudia kwa utulivu, msalaba ukakaa katikati kabisa, lakini nilipofungua mchezo beki aliendelea na safari yake kama kawaida. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba michezo mingi ya sasa husoma pedi kupitia mfumo wa Windows uitwao XInput, ambao hauangalii usawazishaji wa dirisha hilo la zamani. Mtu anaweza kusawazisha mpaka achoke na mchezo usijue lolote.

Dawa iliyofanya kazi wakati huo ilikuwa eneo bubu, yaani ile duara ndogo kuzunguka kitovu ambayo ndani yake mchezo hupuuza mwendo wowote wa kijiti. Ndani ya programu ya michezo ya Steam, kwenye mipangilio ya pedi, inaitwa Deadzone. Kwa kuwa kipimo changu kibaya kuliko vyote kilikuwa 0.09, niliweka 0.11, na beki akatulia. Ningeshauri kila mtu apange hivyo: achukue namba mbaya aliyoipima, aongeze kidogo, kisha aache. Wengi huvuta mpangilio huo hadi robo nzima kwa mara moja, na gharama yake huonekana haraka wanapolenga shabaha. Kama mchezo hauanzi kuhesabu upya kutoka sifuri nje ya eneo bubu, mwendo huruka moja kwa moja hadi robo ya kasi. Na kama unahesabu upya, kasi yote hubanwa kwenye robo tatu zilizobaki, kwa hiyo kidole kikisogea kidogo tu shabaha inakimbia. Inafaa kujua kwamba hata nyaraka za XInput zenyewe zinapendekeza 7849 kati ya 32767 kwa kijiti cha kushoto, takriban asilimia 24, kwa hiyo mchezo unaofuata pendekezo hilo unaweza kuficha ugonjwa wa pedi kwa muda mrefu, na mwingine ukaufichua siku hiyo hiyo.

Nilicheza kwa amani karibu miezi miwili. Kisha beki akaanza tena, na safari hii nilipopima niliona kitu tofauti. Baada ya kuachia kijiti, namba haikutulia: ilikuwa -0.06, mara -0.17, mara ikaruka hadi -0.31 na kurudi, ilhali hakuna aliyegusa pedi. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa mwenye pedi mbovu aliangalie kabla ya jingine lolote. Namba iliyohama lakini imetulia inaweza kurudishwa na programu, kwa sababu kinachotakiwa ni kukubaliana upya kitovu kiko wapi. Namba inayoruka haina kitovu cha kukubaliana, na eneo bubu la kuifunika lingepaswa kumeza theluthi ya kijiti.

Sababu niliiona kwa macho fundi alipoifungua. Pembeni mwa kijiti kuna vikasha viwili vya potenshomita, kimoja kwa kila mhimili. Ndani yake vijiguu vya chuma husugua utando mweusi wa kaboni, na pedi hujua kijiti kilipo kwa kusoma volteji mahali vilipogusa. Kila mwendo hupita katikati, ndiyo maana katikati huchakaa mapema. Kwenye utando wangu kulikuwa na mstari uliong'aa, na vumbi jeusi limekusanyika kando yake. Tulijaribu kwanza kusafisha kwa alkoholi ya isopropili, nayo ilileta nafuu ya siku tisa. Kama tatizo lingekuwa uchafu pekee pengine ingetosha, lakini kaboni iliyokwisha kulika hairudishwi na alkoholi.

Nilinunua kijiti cha sumaku, kinachotumia kihisi cha Hall. Humo sumaku huzunguka karibu na kihisi bila kukigusa, kwa hiyo hakuna utando wa kulika. Si jambo geni, maana pedi ya Dreamcast ya mwaka 1998 ilitumia njia hiyo. Kazi ngumu ni kutoa cha zamani, kwa kuwa kina miguu 14 iliyolehemiwa: sita ya potenshomita, minne ya kitufe cha chini na minne ya fremu. Fundi aliongeza lehemu mpya kwenye kila mguu kabla ya kuifyonza yote, na akaniambia kwamba anayekivuta kwa nguvu kabla miguu yote haijalegea hung'oa njia za shaba za bodi, na hapo pedi nzima inakwenda.

Tulipoiwasha, kijiti kipya kilitulia kwenye 0.05, na nikashtuka. Nikarudia zoezi la kuachia mara kumi kila upande: 0.05 kila mara, bila kutikisika. Kihisi kilikuwa kizima, ila hakikukaa katikati sawasawa na kile cha kiwandani. Nikasawazisha ndani ya Steam, kidole kikiwa mbali, kikarudi 0.00 na 0.01.

Sasa ni miezi mitano na eneo bubu la kushoto liko 0.03. Kijiti cha kulia bado ni cha potenshomita. Kinatulia kwenye 0.04, hakiruki, nami nimekiwekea 0.06 na kukiacha kilivyo.