Nilivyomtoa jirani pembeni mwa picha ya ndugu: uzoefu wangu na kifaa cha kukata picha cha simu

Mama alitaka picha ya watoto wake watano tu kwenye fremu. Nzuri tuliyokuwa nayo ilikuwa na mtu wa sita, jirani aliyejisogeza mwisho kulia kamera ilipokuwa tayari. Sikutaka programu za kufuta watu, kwa hiyo nilitumia kile kifaa cha kukata kilichomo kwenye simu.

Mara ya kwanza nilivuta kona. Uwiano ulikuwa umefungwa, hivyo kila nilipobana kulia, juu nako kulishuka, na kaka yetu mrefu akapoteza nusu ya paji la uso. Nikachagua mkato huru, nikavuta ukingo wa kulia peke yake. Hapo jirani alitoka bila kumgusa mtu mwingine.

Sasa nikaona vidole vinne kwenye bega la dada, lile lililokuwa mbali na jirani. Jirani alikuwa amempitishia mkono mgongoni! Mkato ni mstari ulionyooka, hauwezi kuzunguka bega. Kuvifikia vidole vile ningelazimika kumkata dada mwenyewe. Nikaiacha picha hiyo, nikachukua nyingine iliyopigwa sekunde chache baadaye, mikono yote ikiwa chini. Kabla hujaanza kukata, ikuze picha utafute vidole.

Hata hii ya pili jirani alikuwa amebanana na dada. Mstari ukipita kwenye kiwiko au kifundo cha mkono, mtu anaonekana kama amekatwa kiungo, kwa hiyo niliupitisha katikati ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Kushoto kulibaki ukuta mtupu mpana; nikaupunguza pia ili kundi likae katikati.

Picha ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000. Ikabaki 2900 kwa 3000, karibu mraba. Fremu ya mama ni ya inchi 6 kwa 4, na kwa upana huo kimo kinachoingia ni pikseli kama 1930 tu. Ningeipeleka hivyo kuchapishwa, mashine ingechagua yenyewe cha kutupa, vichwa au miguu. Nikakata mwenyewe chini, katikati ya mapaja, nikaacha nafasi kidogo juu ya vichwa. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, fremu hiyo inahitaji 1800 kwa 1200, kwa hiyo ubora haukupungua. Nilihifadhi kama nakala, ile ya asili ipo.

Kifaa nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya uwiano kufungwa tangu mwanzo bila onyo.

Mama ameridhika. Dada ndiye aliyeitazama kwa muda, akauliza, "Mbona nimeegemea hewa?"