Google Docs bila mtandao: uzoefu wangu katika zamu ya mbali, Mombasa

Ninahudumia wateja wa duka la mtandaoni nikiwa nyumbani Kisauni, zamu ya saa nane mchana hadi saa nne usiku, kwa intaneti ya simu. Nyaya za chini ya bahari, zikiwemo SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi mwaka 2009, zinaingia nchi kavu papa hapa Mombasa, lakini kipande kinachobaki kutoka mnara wa simu hadi chumbani kwangu ndicho kinachonitesa, hasa baada ya saa moja jioni, watu wa mtaa mzima wanapokuwa wamerudi na kila mmoja ameshika simu.

Kilichonifanya nitafute dawa ni birika moja la chai. Mteja alilipokea likiwa limepasuka, nikamwagizia jingine, nikaandika maelezo kwenye kadi ya kazi yake katika ubao wetu wa kazi, kisha nikaisogeza hadi safu ya `Done`. Kadi ilisogea papo hapo, nami nikafunga ukurasa. Asubuhi mwenzangu aliyepokea zamu alinipigia simu: "Dada, kazi ya birika mbona uliniachia? Nimeshamtumia mteja jingine." Kwake kadi ilikuwa palepale ilipokuwa mchana, na maelezo yangu hayakuwapo, kwa hiyo mteja alitumiwa mabirika mawili.

Ubao ule, kama ilivyo kwa kurasa nyingi za kisasa, huchora badiliko kwenye skrini kabla seva haijajibu, ili mtumiaji asingoje. Mtandao ukiwa mzuri, tofauti hiyo haionekani. Ukiwa mbovu, unachokiona ni ahadi tu, na ukifunga ukurasa kabla ombi halijafika, kazi yako imepotea bila onyo lolote.

Tangu hapo, kwa miezi minne sasa, kila badiliko ninaliandika kwanza kwenye Google Docs iliyowashwa matumizi ya nje ya mtandao. Maandalizi yanafanywa mtandao ukiwepo: unatumia Chrome au Edge, si katika dirisha la faragha, unafungua mipangilio ya Drive na kuweka alama kwenye `Offline`. Baada ya hapo nafungua waraka wa zamu, na kwa kila kazi naandika mstari mmoja wenye namba ya kadi, saa, nilichofanya na maneno kamili nitakayobandika kwenye ubao. Jina na simu ya mteja siviandiki humo kamwe.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba programu hii inasema kweli kuhusu mahali kazi ilipo. Mtandao ukikatika, juu ya waraka husomeka `Saved to this device`. Ukirudi na maandishi yakafika, husomeka `Saved to Drive`. Maneno hayo mawili si kitu kimoja. Ya kwanza yana maana kwamba nakala pekee iko ndani ya kivinjari cha kompyuta yako, na ukifuta data ya kivinjari au kompyuta ikiharibika kabla ya kusawazisha, hakuna mahali pengine pa kuipata. Kwa hiyo sikabidhi zamu kabla sijaona ya pili.

Waraka peke yake, hata hivyo, hauponyi ubao. Nikishabandika maelezo na kusogeza kadi, nafungua kadi hiyo hiyo katika dirisha jipya, na ikionyesha badiliko langu ndipo naweka alama ya tiki kwenye mstari wake. Nikiwa na shaka na mtandao, nabonyeza F12 kabla ya kusogeza kadi, kisha natazama sehemu ya `Network`: ombi linaloonyesha `(pending)` bado halijajibiwa, na lenye `(failed)` halikukamilika. Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba ukimya wa seva hauthibitishi kuwa ombi halikufika. Huenda lilifika, likatekelezwa, na ni jibu lililopotea njiani. Ukibonyeza tena kwa haraka unaweza kuagiza bidhaa mara mbili, kosa lile lile la birika kwa njia nyingine. Ndiyo maana natazama kwanza, kisha ndipo narudia.

Wiki iliyopita mtandao ulikatika saa mbili na dakika kumi usiku, nikiwa na kadi sita mkononi. Uliporudi, saa tatu na nusu, waraka wangu ulikuwa na mistari sita, minne ikiwa na tiki. Nilifungua kadi mbili zilizobaki: moja ilikuwa imefika tangu mwanzo, nikaiacha, ya pili haikuwa na neno langu hata moja, nikabandika upya maelezo yale yale, nikasubiri nikayaona, nikakabidhi zamu saa nne kamili.