Akaunti ya kikoba yenye waidhinishaji wawili: nyota mbili, na ya pili naitoa kwa shingo upande

Mhudumu wa kaunta akikwambia, "Mama, mwenyekiti wenu si amtajie tu katibu namba yake ya siri, kwani mnaibiana?" ujue waliokuuzia kufuli hawajui kufuli ni ya kazi gani. Nimeshapoa kidogo tangu siku ile, lakini si sana, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Ninayoisema ni akaunti ya kikundi inayoendeshwa kwa menyu ya simu, ile ambayo fedha haitoki mpaka viongozi wawili wakubali. Mweka hazina anaanzisha ombi, mwenyekiti anaingia kwenye menyu yake na kuliidhinisha, ndipo fedha inaenda kwa mwanachama. Kikoba chetu kina watu 25 na mimi ndiye mweka hazina. Makato na viwango vimebandikwa ukutani pale kwao, kila mtu ataviona. Mimi nina neno na siku tisa ambazo shilingi 1,200,000 zilikaa mbele ya macho yetu zisitoke.

Mkopo ulikuwa umepitishwa kikaoni na mkopaji alikuwa ameshaweka kianzio cha mpunga Ifakara, wakati wa mavuno, ambapo kila siku unayochelewa bei inapanda. Nikaanzisha ombi. Simu ya mwenyekiti ilikuwa imeibwa siku mbili kabla. Hilo peke yake lisingekuwa kitu, maana laini inarudishwa. Shida ni kwamba laini ya mwenyekiti ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mpwa wake, kwa kuwa zamani zile za kusajili kwa alama za vidole yeye hakuwa na namba ya NIDA. Kurudisha laini kunataka kidole cha mwenye usajili, na mpwa yuko mkoa mwingine. Siku tatu zikapotea hapo. Hili kosa ni letu, siwezi kulitupia kaunta. Kila mwidhinishaji apige *106# kabla ya kuandikwa kwenye fomu ya kikundi, aone kama namba yake imo kwenye zile zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Haichukui hata dakika moja.

Laini ikarudi. Akaunti yake binafsi ikafunguka siku hiyo hiyo, menyu ya kikundi ikabaki imefungwa. Nayo naielewa: laini iliyorudishwa huenda imerudishwa na mwizi, kwa hiyo si busara kuipa mamlaka ya fedha za watu 25 bila kumhakiki mwenyewe. Tukaambiwa tulete muhtasari wa kikao. Tukapeleka uliosainiwa na viongozi watatu, ukakataliwa, wakitaka saini za wanachama. Hapo pia nawapa haki yao, maana viongozi wakiruhusiwa kujirudishia mamlaka kwa saini zao wenyewe, wanachama wamebaki na nini?

Tukarudi na saini 21. Ndipo ikaonekana kituko. Mhudumu akaingiza mabadiliko kwenye mashine yake, mashine ikajibu kwamba badiliko lolote la mwidhinishaji linasubiri idhini ya waidhinishaji wote wawili. Mmoja wao ni mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye aliyefungiwa. Yaani ili afunguliwe, inabidi aingie ndani kwanza ajifungulie.

Yule binti akaangalia kioo cha mashine, akaniangalia mimi, halafu akatoa lile neno. Tumrudishe mwenyekiti wa zamani, ambaye sasa ni katibu na ambaye namba yake bado ilikuwa kwenye kumbukumbu zao, halafu wagawane namba ya siri "ili siku nyingine msisumbuke". Alisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Nilipomwambia hilo haliwezekani akaguna, akamwita anayefuata.

Wengi watasema mbona ni jambo dogo. Anayetoka kwenye kikoba cha sanduku ataelewa kwa nini si dogo. Sanduku la kufuli tatu lina watunza funguo watatu ambao si viongozi, na mtunza ufunguo akipata udhuru anaweza kuutuma ufunguo wake kwa mtu. Ukitumwa, umetoka mkononi mwake, na kikao kizima kinamwona aliyeuleta. Namba ya siri haitoki mkononi. Ukimtajia mwenzako inabaki kwako na kwake, hakuna anayemwona akiitumia, na kumbukumbu za mtambo zinaandika kwamba wewe ndiye uliyeidhinisha. Fedha ikipotea, wa kuitwa kituoni ni mwenye namba. Kuanzia siku ile mnakuwa na akaunti ya mtu mmoja iliyoandikwa majina mawili, na hiyo ni mbaya kuliko ya mtu mmoja, kwa sababu wanachama wanalala usingizi wakidhani kuna wawili macho.

Siku ya tisa makao yao makuu wakaifungua kwa mkono. Ningeishia hapo na nyota moja. Lakini kilichotokea mchana ule kilinichanganya.

Maombi ya menyu hii yanaishi saa 24, yakikosa idhini yanakufa. Kwa hiyo siku zote zile nilikuwa naanzisha upya kila asubuhi ili mwenyekiti akifunguliwa akute ombi tayari. Siku ya tisa nilianzisha asubuhi kama kawaida. Saa sita mchana kaunta wakapiga simu: imefunguka, anzisha upya. Nikaanzisha. Sikuwaza kwamba la asubuhi bado li hai.

Mwenyekiti alipoingia alikuta mistari miwili. Kila mmoja una kiasi, namba ya kumbukumbu na saa. Jina la mpokeaji hakuna. Kiasi ni kile kile, 1,200,000 na 1,200,000. Akaidhinisha wa kwanza. Meseji ya uthibitisho ikachelewa, akarudi kwenye menyu, akakuta mstari bado upo, akadhani alikosea kubonyeza. Salio letu lilikuwa 2,650,000, kwa hiyo yote mawili yangepita bila mtambo kulalamika hata kidogo. Kilichotuokoa ni kwamba alinipigia: "Mwanangu, mbona bado ipo?" Nikamwomba anisomee namba ya kumbukumbu. Haikuwa ile aliyokwisha kuidhinisha. Akalikataa.

Sasa niambieni nikasirike au nishukuru. Mtambo ule ule uliotunyima fedha siku tisa ndio uliomlazimisha mtu wa pili kuangalia. Ingekuwa nafanya peke yangu, kwa haraka ile niliyokuwa nayo na mkopaji ananipigia kila saa, milioni moja na laki mbili za ziada zingekwenda kwa mtu mmoja, na kuzirudisha ni kesi nyingine. Kwa dakika kadhaa niliwapa nyota nne moyoni.

Halafu nikafikiri tena, nikazishusha. Maana mtambo haukumsaidia mwenyekiti kuona chochote. Alichoonyeshwa ni kiasi, namba ya kumbukumbu na saa, mpokeaji hakuonyeshwa. Mwidhinishaji asiyeoneshwa fedha inaenda kwa nani anaidhinisha kiasi, haidhinishi malipo. Ningekosea tarakimu moja ya namba ya mkopaji, angebonyeza moja na kuingiza namba yake ya siri kwa imani, na fedha ingemfikia mtu tusiyemjua. Hata akinipigia kuuliza, nitamsomea ile ile niliyoikosea. Huo si uhakiki, ni mwangwi.

Kwa hiyo tumejipangia utaratibu wetu nje ya menyu. Namba ya mkopaji inaandikwa na mkopaji mwenyewe kwenye fomu ya mkopo, na fomu inakaa kwa katibu, si kwangu. Nikianzisha ombi, naandika namba ya kumbukumbu kwenye daftari kwanza, halafu namsomea mwenyekiti namba hiyo pamoja na namba ya mpokeaji niliyoingiza. Yeye ya mpokeaji anailinganisha na ya katibu. Ya kumbukumbu isipofanana na anayoiona kwenye simu, anakataa bila kuniuliza sababu. Na ombi la zamani linaghairiwa kwanza ndipo jipya lianze, hata kama nadhani limeshakufa. Inaongeza kama dakika tano kwa kila mkopo. Kikao kinanung'unika, nami nawaacha wanung'unike.

Kubwa zaidi ni fomu ya kwanza kabisa. Ina sehemu ya kuchagua waidhinishaji, na sisi tuliandikiwa wawili kati ya wawili bila kuulizwa. Inaonekana kali, kumbe ndiyo inayokwama: mmoja akiugua, akisafiri au akiibiwa simu, fedha imelala. Muombe wawili kati ya watatu. Mmoja akipotea, waliobaki wawili wanatosha kulipa, na wanatosha kumbadilisha aliyepotea bila kusubiri makao makuu. Kasoro yake ni kwamba sasa kuna jozi tatu zinazoweza kula njama badala ya moja, kwa hiyo wa tatu achaguliwe kwa akili. Katibu na mweka hazina wetu, yaani mimi, tunakaa nyumba zinazopakana; sisi wawili tusiwe jozi. Tumemweka mwanachama asiye kiongozi, yule yule aliyekuwa mtunza ufunguo enzi za sanduku. Laini yake imesajiliwa kwa jina lake. Tumeangalia mbele yake.

Tulipopeleka fomu mpya tulimkuta binti yule yule. Akasoma, akauliza, "Watatu wa nini tena, si mlisema wawili wanawasumbua?" Nikamwonyesha mstari wa kusaini. Akagonga muhuri, ila akaandika namba ya mwidhinishaji wa tatu ikiwa imepungua tarakimu moja. Mwenyekiti ndiye aliyeiona.