Shampuu ya dawa ya mba: chupa ya kwanza niliimaliza bure, ya pili ndiyo iliyonisaidia

Mba yangu haikuwa ile ya unga mweupe unaoupangusa begani na mambo yanaisha. Ilikuwa magamba ya manjano yenye mafuta, yamekamata ngozi nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele juu ya paji la uso. Pembeni ya pua ngozi ilikuwa imepauka kama nimepakwa majivu. Usiku nilijikuna kwa mkia wa kitana mpaka asubuhi mto una alama. Wakati huo nilikuwa na meshi kichwani wiki ya saba, na kila jioni nilipitisha mafuta ya mise katikati ya mistari, kwa sababu niliamini kichwa kinachowasha ni kichwa kikavu.

Nilipofumua, nikaenda farmasi moja huku Kadutu, nikauliza dawa ya mba. Kijana wa pale akanipa chupa ya ml 100, shampuu ya ketokonazoli 2%, nyekundu nyekundu kama sharubati. Hakusema neno lingine. Nikalipa pesa ambayo ingeninunulia sabuni ya mwezi mzima, nikarudi nyumbani.

Nikaitumia kama shampuu yoyote. Namimina katikati ya kiganja, napaka juu ya nywele, nasugua mpaka povu, nasuuza hapo hapo. Kwetu maji ya bomba yanakuja usiku, mengine ni ya bido, kwa hiyo kuoga ni mbio mbio, hakuna anayesimama na povu kichwani. Na kwa kuwa nilitaka kupona haraka, niliosha kila siku. Siku ya kumi na moja chupa ikaisha. Nywele zilikuwa zimekakamaa kama ufagio, zinakatika kwenye kitana, na kuwashwa kulipungua siku mbili tatu kisha kukarudi vilevile. Nikawaambia watu wote wa nyumbani kwamba ile dawa ni feki.

Haikuwa feki. Nilirudi pale kulalamika, bahati nzuri nikamkuta mama mwenye farmasi mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: «Sasa dada, wewe ulikuwa unaosha nini, nywele ao ngozi?» Nikakosa la kujibu.

Alivyonieleza ni hivi. Mba ya aina yangu inachochewa na kuvu inayoitwa Malasezia, ambayo kila mtu mzima anayo kichwani na inakula mafuta ya ngozi. Kwa wengine haileti shida. Kwa wengine ngozi inakasirika, inajitengeneza upya haraka mno na kubanduka magamba. Kwa hiyo mise niliyokuwa napaka kila jioni ilikuwa chakula. Na ketokonazoli haiui kuvu kwa povu. Inahitaji kugusa ngozi na kukaa hapo dakika 3 mpaka 5. Mimi nilikuwa naipa nusu dakika, tena juu ya nywele, ambako mdudu hayuko. Kuhusu kila siku, akacheka tu: kwa mba ni mara mbili kwa wiki, wiki 2 mpaka 4, na kuongeza siku hakuharakishi kitu ila kukausha nywele.

Nikanunua chupa ya pili. Safari hii nilichagua Jumatano na Jumamosi, ili siku tatu nne zipite katikati, na hivi ndivyo nilivyofanya kila mara.

Nagawa nywele mafungu manne, kila fungu nalizungusha na kulibana. Nalowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu, halafu naosha kwanza kwa shampuu ya kawaida kidogo, ili mafuta na jasho vitoke. Hatua hii haikuandikwa kwenye karatasi ya dawa, ni ya mama wa farmasi, lakini kwa nywele zetu zinazopakwa mafuta naiona ni ya lazima. Mara ya kwanza niliiruka na dawa haikutoa povu kabisa, iliteleza tu juu ya mafuta.

Baada ya kusuuza hiyo ndipo inakuja dawa. Kipimo changu ni vijiko viwili vya chai, yaani ml 10. Mwenye nywele fupi kimoja kinamtosha. Nafungua fungu moja, natenga mstari kwa kidole mpaka nione ngozi, natia dawa kwenye ncha za vidole na kuipaka kwenye ngozi, kutoka paji la uso kwenda kisogoni. Nasugua kwa nyama ya vidole. Kucha hapana, kucha zinachubua na dawa ikiingia kwenye michubuko inachoma. Povu likiwa limeenea nachukua lililobaki mikononi napitisha nyuma ya masikio, kwenye nyusi na pembeni ya pua, macho nimefumba. Siku moja liliniingia jichoni. Linawasha sana, lakini maji mengi ya baridi yalimaliza shida.

Kisha nasubiri. Dakika tano ni ndefu kuliko unavyofikiri ukiwa umesimama na kitenge kifuani na maji yanakutiririka shingoni. Nilipokisia kwa kichwa, simu ilionyesha dakika moja na nusu. Tangu hapo naweka saa ya simu juu ya ndoo iliyogeuzwa, na dakika hizo nazitumia kufua kufuli zangu. Ikilia, nasuuza mpaka maji yatoke safi bila povu na ngozi isiteleze tena kwenye vidole. Kwangu hiyo ni karibu nusu ya bido ya lita 20, na siku ambayo maji hayatoshi ni heri kusogeza zoezi mpaka kesho, maana povu likibaki kichwani linawasha kama mba yenyewe.

Mwisho natia dawa ya kulainisha nywele, lakini kuanzia katikati ya unywele kwenda kwenye ncha. Kwenye ngozi siitii. Hapo ndipo nilipookoa nywele zangu, kwa sababu shampuu hii inakausha kweli, hilo sitalificha. Mwenye kutia defrizan au rangi awe mwangalifu zaidi, kwani karatasi yenyewe inasema nywele zilizoharibiwa na dawa za saluni, pamoja na mvi, zinaweza kubadilika rangi.

Matokeo sasa. Wiki ya kwanza magamba yaliongezeka kwenye kitana, nikaogopa, kumbe ni yale ya zamani yaliyolainika yakawa yanaachia. Mwisho wa wiki ya pili nililala bila kujikuna. Wiki ya tatu nyuma ya masikio palikuwa laini. Alama zilizopauka pembeni ya pua ndizo zilizochelewa. Ngozi iliacha kubanduka mapema, lakini rangi yake ilirudi polepole, zaidi ya mwezi baadaye. Nilifikisha wiki nne, yaani mara nane kwa ml 10, na chupa ikabaki na kidogo chini, kama ml 20. Chupa ile ile iliyokwisha siku kumi na moja mara ya kwanza.

Lazima nieleze pia mahali iliposhindwa. Yaya yangu alipoona nimepona, akaomba hizo ml 20 kwa ajili ya mwanawe wa miaka sita, ambaye «naye ana mba». Nikaenda kumuona. Mtoto alikuwa na mabaka mawili ya duara, moja ukubwa wa kifuniko cha soda, nywele zimekatika usawa wa ngozi zikabaki vidoti vyeusi, na tezi nyuma ya shingo imevimba. Hiyo si mba. Hiyo ni choa ya kichwani, ile ambayo watoto wanaambukizana kwa kofia, vitana na mashine ya kinyozi. Kuvu yake ni nyingine, na inaingia ndani ya unywele na kwenye shina lake, mahali ambapo shampuu haifiki hata ukikaa nayo saa nzima. Yaya hakupenda kusikia hivyo, alisema nimemnyima dawa. Lakini kwenye kituo cha afya muuguzi alisema hivyo hivyo: mtoto anahitaji vidonge. Alipewa grizeofulvini ya kumeza wiki nyingi, kwa kipimo cha uzito wake, pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini. Shampuu nayo waliiruhusu mara mbili kwa wiki, lakini kazi yake ni kupunguza vijidudu juu ya nywele ili asiwaambukize wadogo zake. Vitana vya nyumba nzima vilichemshwa. Kwa hiyo ukiona duara lenye nywele zilizokatika, hasa kwa mtoto, usimalizie pesa kwenye chupa.

Na kama ni mba ya kawaida na umefanya dakika zote, mara zote, wiki nne, na hakuna kilichobadilika, hapo pia onyesha kichwa kwa mtu wa afya. Kuna magonjwa mengine ya ngozi yanayotoa magamba, na ketokonazoli haiyatibu.

Kitu ambacho hawakuniambia siku ya kwanza ni kwamba mba hii haiondoki moja kwa moja. Kuvu inapunguzwa, haiishi, na baada ya wiki sita hivi bila dawa nilianza tena kusikia ule mwasho mdogo juu ya masikio. Sasa natumia mara moja kila wiki mbili. Kiangazi, vumbi likianza, nafanya kila wiki. Kwa mwendo huo wa wiki mbili chupa ya ml 100 inanipeleka karibu miezi mitano, na bei niliyoilalamikia ikawa ndogo. Ila naangalia mambo mawili kabla ya kulipa: tarehe ya kuisha, na kama imeandikwa 2%, kwa sababu zipo za 1% zenye chupa inayofanana.

Meshi bado nasuka, sikuacha. Dada wa saluni huku Nyawera ananijua: anaacha mistari mipana kidogo, hapaki mafuta kwenye ngozi, na baada ya wiki nne nafumua, sifikishi saba tena. Siku ya dawa nikiwa nimesuka, natumia kichupa cha plastiki chenye mdomo mwembamba, natia dawa mstari kwa mstari, na kusuuza kunachukua maji mara mbili ya kawaida. Bido nzima karibu. Mdogo wangu anayechota anajua Jumamosi ipi ni ya kichwa changu, na siku hiyo anatoka asubuhi mapema kabla sijamtuma.